Macho Yaende Wapi?

Mwaka juzi mama mmoja muuza kanga hapa Tanga aliniita nyumbani kwake nimpige picha mbili. Ya kwanza aliitaka kwa ajili ya kibao cha duka, kile kinachotundikwa juu ya mlango ili mpita njia ajue biashara ni ya nani. Ya pili ilikuwa ya sebuleni. Kwenye ukuta wa sebule yake kuna mlango wa kwendea vyumbani, na kushoto kwa mlango huo ilining'inia picha ya marehemu mumewe, ya studio ya zamani, nyeusi na nyeupe, mzee kavaa kanzu na kofia, uso kaugeuza kidogo upande wa mlango. Yake alitaka ikae kulia, wawili hao watazamane. Zaidi ya hapo alikuwa na sharti moja tu.

"Mwanangu," alisema, "sitaki nionekane kama mtu aliyeshtuliwa."

Sharti hilo nimelisikia kwa maneno mengi tofauti. Mmoja atasema anaonekana kama anaombwa kitambulisho, mwingine kama ameitwa na mtu wa nyuma, mwingine atasema tu kwamba picha "haijakaa". Ukizichunguza picha hizo utakuta mwanga ni mzuri, nguo zimenyooshwa na tabasamu lipo. Kasoro iko machoni. Mpiga picha hakuyaambia macho yaende wapi, nayo yamekwenda popote. Mara nyingi hiyo popote ni sehemu moja mbaya kuliko zote, yaani karibu na lenzi bila kuwa kwenye lenzi.

Jicho la binadamu lina weupe mwingi unaoonekana pande zote mbili za mboni, kuliko la wanyama wengi. Kwa sababu ya weupe huo, mboni ikihama kidogo tu tunaona imehamia upande gani. Ndiyo maana mtu aliyekaa mbele yako kwenye daladala akikutupia jicho, unajua hapo hapo kama amekutazama wewe au amemtazama aliye nyuma yako. Uwezo huo tunao pia mbele ya picha. Mtazamaji wa picha, kabla hajasoma nguo wala mandhari, huwa ameshajiuliza: huyu ananitazama mimi au hanitazami? Akipata jibu, lolote lile, anatulia na kuanza kuiangalia picha. Asipolipata anabaki na wasiwasi, na wasiwasi huo anaubandika kwa aliyepigwa: huyu kashtuka, huyu hajiamini, huyu hakuwa tayari.

Kazi yangu basi, kwa kila picha ya mtu, ni kuhakikisha jibu ni ndiyo au hapana, na kukwepa "sijui".

Kipimo changu ni ngumi. Nyosha mkono mbele yako, kunja ngumi, ifikishe usawa wa macho. Upana wa ngumi hiyo unachukua takriban nyuzi 10 za mwono wako. Sasa mweke mtu mita 1.5 kutoka kwenye kamera. Akitazama ndani ya lenzi, au kando yake kwa upana wa vidole viwili, atakayeiona picha atasema ananitazama. Akitazama sentimita 15 hadi 30 kando ya lenzi, yaani kutoka nusu ngumi hadi ngumi moja na kidogo, hapo ndipo penye matatizo. Ni karibu mno kuwa mbali na ni mbali mno kuwa karibu. Akitazama ngumi mbili au zaidi kando, ambazo kwa umbali huo ni zaidi ya nusu mita, hakuna anayejiuliza tena. Huyu anatazama kitu kingine, na alikusudia.

Bahati mbaya ni kwamba ndani ya eneo hilo la matatizo ndimo unamokaa uso wa mpiga picha. Kamera ikiwa juu ya stendi na wewe umesimama nyuma yake ukichungulia kwa juu, uso wako uko sentimita 15 au 20 juu ya lenzi. Unamwambia mteja, "Nitazame." Naye, kwa adabu zake, anakutazama. Anakutazama wewe, na picha inatoka na mtu anayemtazama mtu mrefu asiyeonekana. Kwa hiyo siku hizi neno "nitazame" nimelifuta kwenye kazi yangu. Ninasema, "Tazama ndani ya kioo cha kamera, utafute kivuli chako mle." Kweli wakitazama huwa wanaona kiwingu cha sura yao kwenye kioo cha lenzi, na wakishakiona macho yanatua.

Wanaojipiga selfi wana shida hiyo hiyo kwa namna nyingine. Lenzi iko juu kabisa ya simu, na sura yako unaiona katikati ya kioo, sentimita sita au saba chini yake. Simu ikiwa nusu mita kutoka usoni, tofauti hiyo ni nyuzi saba hivi. Unajitazama wewe mwenyewe, na picha inatoka umeteremsha kope kama unayesoma ujumbe. Rekebisha pozi huku ukitazama kioo, kisha kabla ya kubonyeza pandisha macho kwenye kile kitundu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mahojiano ya televisheni, ambako mtu huzungumza akimtazama mwandishi aliyekaa pembeni kidogo ya kamera na hakuna anayelalamika. Ni kweli, ila kule macho yanacheza, sauti inasikika, na mara moja moja tunaonyeshwa mwandishi mwenyewe. Tunaelewa kuna mtu pale. Picha ya mnato haina sauti wala dakika ya pili ya kujieleza.

Siku ile tulianza na picha ya kibao, na kwa kibao sikuwa na mjadala: macho ndani ya lenzi. Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Picha ni kitu bapa. Mtu wa kweli akikutazama, ukisogea hatua tatu pembeni unamwona kwa upande, unaliona sikio lake, na unajua hakutazami tena. Ukisogea mbele ya picha hakuna kinachobadilika ndani yake. Mboni zimebaki katikati ya macho, pua imebaki imekuelekea. Kwa hiyo picha iliyotazama lenzi humfuata mtazamaji popote anaposimama. Mchoro wa Mona Lisa uliopo Paris unasifiwa kwa jambo hilo kana kwamba ni siri ya mchoraji, kumbe hata picha ya mgombea kwenye nguzo ya umeme inafanya vivyo hivyo. Anayetoka sokoni na anayetoka stendi, wote wawili mama atawatazama. Kinyume chake ni kweli pia: picha iliyotazama pembeni haitamtazama mtu yeyote kamwe, hata ukienda kusimama upande ule ilikoelekea.

Kuna mambo mawili yanayoharibu mtazamo wa moja kwa moja, na yote mawili yalijitokeza. La kwanza ni kimo cha kamera. Mama alikuwa ameketi, mimi nimesimama, na alipoinua macho kuifuata lenzi ukaonekana mstari wa weupe chini ya mboni zake. Jicho lililotulia mboni yake inagusa kope la chini, na la juu linaifunika kidogo. Weupe ukijitokeza chini, mtu anaonekana anaomba. Ukijitokeza juu na chini, ametumbua macho. Nilishusha stendi mpaka lenzi ikawa usawa wa macho yake, weupe ule ukatoweka. Watu wengi huona hitilafu hii wakaanza kumwambia mteja "legeza macho," wakati dawa ni kupiga magoti.

La pili ni muda. Macho yanayokodolea kitu kimoja bila sababu yanakufa baada ya sekunde tatu nne. Hayafumbi, hayahami, lakini mwenyewe kaondoka. Nilimwomba mama afumbe macho, apumue, na nikihesabu mpaka tatu afumbue moja kwa moja kwenye lenzi. Picha nzuri iko kwenye ile sekunde ya kwanza baada ya kope kufunguka, kabla hajaanza kufikiria sura yake. Tulirudia mara sita. Ya nne ndiyo iliyokwenda kwenye kibao.

Macho yaliyo ndani ya lenzi lazima pia yawe na la kusema kwa aliye nyuma yake. Mfano unaojulikana duniani kote ni picha ya Winston Churchill iliyopigwa na Yousuf Karsh mjini Ottawa tarehe 30 Desemba 1941. Churchill alikuwa ametoka kuhutubia bunge la Kanada na hakutaka kuachia sigara yake. Karsh alimsogelea, akaichomoa mdomoni, akarudi kwenye kamera na kubonyeza. Ile hasira ambayo watu waliisoma kama ukaidi wa taifa zima lililoko vitani ni hasira ya mzee aliyenyang'anywa sigara. Baada ya hapo alicheka, ikapigwa na ya pili akiwa anatabasamu, ambayo wachache wanaikumbuka. Simshauri mtu kuwanyang'anya wateja vitu vyao. Ninachosema ni kwamba yale macho yalikuwa yanamjibu Karsh. Mimi kwa mama nilitumia njia ya kistaarabu zaidi. Nilimuuliza bei ya doti ya kanga kama ningenunua kumi, na kabla hajajibu nikabonyeza. Ni jicho la mfanyabiashara kabisa.

Picha ya pili ndiyo iliyotuchukua mchana mzima.

Tulianza na mwelekeo, na huo uliamuliwa na ukuta. Mzee kwenye picha yake alikuwa ameelekea kulia kwa mtazamaji, naye yuko kushoto kwa mlango. Mama atakuwa kulia, kwa hiyo lazima aelekee kushoto kwa mtazamaji, ambako kwake yeye ni mkono wa kulia. Hesabu hii ifanyike kabla ya kamera kutoka mfukoni. Wengine hudhani kosa litarekebishwa kwenye kompyuta kwa kuigeuza picha kama kwenye kioo. Mama alikuwa amejitanda kanga, na kanga ina maandishi. Ukiigeuza, jina lake linasomeka kinyumenyume, na muuza kanga ndiye mtu wa kwanza atakayeliona.

Nilimweka kiti ili dirisha liwe mkono wake wa kulia, uso ukigeukia dirishani ugeukie na mwanga. Kisha nikakosea kosa la kawaida. Nikamwambia, "Mama, tazama kulia kidogo."

Hakugeuza kichwa. Uso ulibaki umenielekea na mboni zikaenda kwenye pembe ya jicho.

Kila mtu aliyekulia pwani anaijua sura hiyo. Uso mbele, jicho pembeni: huko ndiko kukata jicho. Ukiongeza kakope kidogo inakuwa kurembua. Sura hiyo ina maana zake, na kuna wakati msichana anayepigwa picha ya mitindo anaitaka hasa. Lakini mama wa makamo anayemtazama marehemu mumewe kwa jicho la kukata ni kisa kingine kabisa.

Kwa nini tofauti ya pua na macho inasema mambo makubwa hivyo? Mwanasayansi Mwingereza William Hyde Wollaston alilichunguza jambo hili na kulitolea maandishi mwaka 1824, akitumia michoro. Alichukua macho yaliyochorwa, yale yale bila kubadilisha mstari hata mmoja, akayawekea pua na sehemu ya chini ya uso iliyoelekea upande mmoja, kisha nyingine iliyoelekea upande mwingine. Macho yale yale yakaonekana kutazama sehemu mbili tofauti. Maana yake ni kwamba hatusomi mboni peke yake. Tunasoma mboni na pua kwa pamoja, na uso mzima unayasukuma macho kwenda upande wake. Unaweza kujaribu nyumbani: chukua picha ya mtu aliyegeuza uso kidogo, ifunike kwa karatasi kuanzia puani kwenda chini, kadiria anatazama wapi, kisha ondoa karatasi.

Kwa mpiga picha fundisho lake ni utaratibu wa kugeuza. Kwanza kiti, ili mabega yaende. Kisha uso. Macho mwisho kabisa, nayo yaifuate pua au yaipite kidogo tu. Pua na macho vikienda pamoja mtu anatazama kwa utulivu. Macho yakiitangulia pua ameitwa na kitu. Pua ikitangulia na macho yakabaki nyuma anakwepa, au anakukata jicho. Dalili ya kuangalia ni weupe. Pande zote mbili za mboni lazima pabaki weupe kidogo kwenye jicho lililo karibu na kamera. Upande mmoja ukimezwa kabisa, umezidisha, na kinachobaki ni jicho jeupe kama la aliyezimia.

Nikamgeuza mama pamoja na kiti chake. Uso nao nikaugeuza mpaka jicho la mbali likawa bado linaonekana zima, na ngozi kidogo nyuma yake kabla ya kufika ukingo wa uso. Ukizidisha kutoka hapo, ncha ya pua inakata mstari wa shavu, na pua ya mtu yeyote, hata iwe nzuri vipi, inaongezeka urefu. Ama ubaki ndani ya shavu, ama uende mpaka uso wa upande kabisa. Katikati yake hapakaliki.

Sasa kilibaki kitu cha kutazama. Maneno "tazama kule" hayatoshi, maana kule ni kukubwa, na macho yasiyo na pa kutua yanaelea. Kijana wangu wa kusaidia alisimama karibu na dirisha, akainua mkono, nami nikamwomba mama autazame. Nikapiga tatu, nikazikuza kwenye kioo cha kamera, nikaona mboni zote mbili zimeingia ndani kidogo kuelekea puani. Mkono ulikuwa nusu mita kutoka usoni pake. Kitu kikiwa karibu macho hukiendea kwa kuinamiana, na kwenye picha hali hiyo inaonekana kama kengeza la mbali ambalo mtu hana. Kitu kikiwa mita tatu au zaidi macho yanakwenda sambamba. Kikiwa mbali zaidi hata misuli ya paji la uso inalegea.

Nje ya dirisha, uani kwa jirani, palikuwa na mwembe. Nikamwambia mama ahesabu maembe. Hilo nalo halikufaa. Macho yalianza kurukaruka kutoka tawi hadi tawi, midomo ikicheza, na kila picha ikawa na macho yake. Basi nikabadilisha.

"Mama, hebu chagua moja, lile lililoiva kuliko yote. Umelipata?"

"Nimelipata."

"Lisimamie hilo hilo. Usiniambie liko wapi."

Nadhani ile "usiniambie" ndiyo iliyofanya kazi. Akawa na kitu chake ambacho mimi sikijui, na uso ukabadilika. Nikamwomba afumbe macho na kuyafumbua pale pale kwenye embe lake, kama tulivyofanya na lenzi.

Hapo ndipo nguvu ya jicho la pembeni ilipo, mtazamaji kunyimwa kitu. Picha ya Dorothea Lange ya mwaka 1936, ya mama mhamiaji kwenye kambi ya wavuna njegere huko Nipomo, California, inatufundisha mengi kuhusu hilo. Lange alipiga picha kadhaa pale. Katika ile iliyobaki kwenye kumbukumbu za watu, mama anatazama mbali, kando ya kamera, vidole vikigusa shavu, na watoto wawili waliomwegemea wameficha nyuso. Hakuna jicho hata moja linalomjia mtazamaji. Watoto wale wangegeuka na kutukodolea macho, tungewatazama wao na mama angesahaulika. Na ule mkono shavuni si pambo. Macho yakimwacha mtazamaji, lazima pawe na kitu kingine cha kumshika ndani ya fremu, mkono, kazi, mwanga shavuni, la sivyo naye anatoka nje ya picha kuyafuata macho yalikokwenda. Mama yangu wa kanga nilimpa upindo wa kanga aushike kifuani.

Nilimweka upande wa kulia wa fremu, nikaacha nafasi tupu kushoto, huko alikotazama. Nafasi hiyo ndiyo njia ya macho. Ukiibana, pua ikawa inakaribia ukingo, mtu anaonekana amesimamishwa mbele ya ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Ukiiacha nyuma ya kisogo anaonekana anaondoka. Nami nilijua kuwa nje ya fremu hiyo, baada ya ukingo, kuna mlango, na baada ya mlango kuna mzee.

Jambo moja la kifundi lisisahaulike. Uso ukigeuka, macho mawili hayako tena umbali sawa na kamera. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/2.8, mita 1.5 kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 5 tu kutoka mbele hadi nyuma. Kali iwe kwenye jicho la karibu, siku zote, na la mbali likilegea hakuna atakayelalamika. Ikiwa kinyume, picha inaonekana imekosewa hata kwa asiyejua chochote kuhusu kamera. Nilifunga kidogo hadi f/4 kwa usalama. Nikahakikisha pia kila mboni ina nukta ya mwanga wa dirisha ndani yake. Anayetazama chini sana au pembeni sana anaipoteza nukta hiyo, na jicho linakuwa tundu jeusi.

Si kila mtu atafuata utaratibu huu. Mtoto wa miaka mitatu haelekezwi. Unamweka mtu mzima mahali unapotaka macho yaende, na unangoja. Mwenye kengeza muulize kwa faragha jicho analolitegemea ni lipi, hilo ndilo uliweke kwenye lenzi, na uso uugeuze kidogo ili jingine liwe upande wa mbali. Na bi harusi wa pwani siku ya kupambwa ameinamisha macho kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nimewaona wapiga picha vijana wakimng'ang'aniza: "Dada, angalia kamera! Angalia kamera!" huku mashangazi wakinuna. Macho yale yaliyoinama ni mwelekeo kamili, umeamuliwa na watu waliotangulia kuliko kamera. Wewe shusha lenzi kidogo tu uone kope, na umwombe atazame hina ya mikono yake badala ya sakafu, ili uso usizame kifuani.

Nilimpelekea mama picha zake baada ya wiki mbili. Kibao kilikuwa kimeshachapishwa na kimetundikwa, na kijana wa bodaboda anayepaki mbele ya duka alinishtakia kwamba siku hizi hawezi kusinzia kwa amani. Ya sebuleni nilimwachia mwanawe aitundike, maana nilikuwa na safari.

Niliporudi kumsalimia, nilikuta kijana aliona msumari wa kushoto ni imara zaidi na fremu mpya ni nzito zaidi. Kamhamishia baba kulia, mama kamweka kushoto. Hesabu yangu yote ya mwelekeo ikageuka. Mzee anatazama kulia, nje kabisa ya ukuta. Mama anatazama kushoto, dirishani. Mlango uko katikati yao, na wamepeana visogo.

Nikatafuta ngazi. Mama akanizuia.

"Waache hivyo hivyo, mwanangu," alisema, akinimiminia kahawa. "Miaka 40 tulikaa humu ndani, yeye na redio yake, mimi na biashara yangu. Hapo umetupata."